Jinsi ya kuandika sehemu ya vihatarishi katika mpango wa biashara: dola, umeme na msambazaji

Afisa mikopo anapofungua mpango wa biashara, ukurasa wa vihatarishi humwonyesha upesi kama mwandishi ameigusa biashara kwa mikono yake au amejaza nafasi tu. Sentensi kama «sarafu inaweza kushuka, lakini tutafuatilia soko kwa karibu» haimwambii kitu. Hajui ikishuka kiasi gani biashara itaumia, nani atachukua hatua, na hatua hiyo itagharamiwa na fedha zipi.

Mwongozo huu unachukua biashara moja ya mfano na kuiandikia vihatarishi vitatu hadi mwisho. Ni karakana ndogo ya uchapaji: mashine moja ya kidijitali inayotumia wino wa unga, kompyuta mbili, mashine ya kukata karatasi na wafanyakazi wachache. Karatasi na wino vinatoka nje ya nchi, mapato ni ya sarafu ya nyumbani, na bila umeme hakuna kinachosogea. Hesabu zote zimewekwa kwa kila 100 za mauzo, ili mwenye biashara nyingine aweke namba zake mahali pake.

Kila kihatarishi kiandikwe kwa mtiririko uleule: kinatupiga wapi, kwa kiasi gani, dalili ipi inatuamsha, tunafanya nini, nani anafanya, inagharimu nini, na baada ya hapo kinabaki nini. Jibu la swali la mwisho ndilo wengi huliacha, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Msomaji mzoefu humwamini zaidi anayesema wazi kwamba kinga yake inafika hapa na haivuki.

Kuyumba kwa sarafu

Anza na orodha ya gharama, si na habari za soko la fedha. Chukua hesabu za miezi 3 iliyopita, zigawanye kwa mauzo, upate mgawo wa kila gharama. Kwa karakana yetu, katika kila 100 za mauzo karatasi inakula 28, wino wa unga na vipuri 14, mishahara 20, pango 8, umeme 5, usafiri 4, marejesho ya mkopo 6 na gharama ndogondogo 3. Jumla ni 88, faida inabaki 12.

Sasa pitia kila mstari na ujiulize: dola ikipanda leo, bei hii itapanda baada ya siku ngapi? Usiulize ankara imeandikwa kwa fedha gani. Wino wetu unalipiwa kwa dola, kwa hiyo hauna ubishi. Karatasi inanunuliwa kwa sarafu ya nyumbani kutoka kwa muuzaji wa jumla, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba haihusiki. Muuzaji huyo naye anaagiza nje; akipata mzigo mpya kwa kiwango kipya, bei yake inapanda. Tofauti ni kwamba wewe unapata nafasi ya kupumua ya wiki chache, mpaka mzigo wake wa zamani uishe. Usafiri nao hufuata dola kupitia mafuta, ila kwa uzito mdogo. Tutauacha nje ya hesabu na kulisema hilo waziwazi. Kwa hiyo sehemu inayofuata dola ni 28 na 14, yaani 42 katika kila 100.

Kwa namba hiyo unaweza kujaribu biashara. Dola ikipanda kwa asilimia 10, 42 inakuwa 46.2 na faida inashuka kutoka 12 hadi 7.8. Mtikisiko wa asilimia 10 umekula zaidi ya theluthi ya faida. Ikipanda kwa asilimia 25, gharama hiyo inakuwa 52.5 na faida inabaki 1.5. Ili kujua mahali faida inapokufa kabisa, gawanya faida kwa sehemu inayofuata dola: 12 kwa 42 ni 0.286. Dola ikipanda kwa karibu asilimia 29 na bei zako zikabaki palepale, unafanya kazi bure. Namba hii iandikwe katika mpango, kwa sababu ndiyo inayobeba hoja nzima.

Kuna mtego mmoja wa hesabu hapa. Sarafu kupoteza asilimia 20 ya thamani yake si sawa na dola kupanda kwa asilimia 20. Sarafu ikipoteza asilimia 20, dola iliyokuwa 100 inakuwa 125, yaani imepanda kwa 25. Ukiandika la kwanza huku hesabu yako ni ya la pili, mkaguzi makini ataliona na ataanza kutilia shaka namba zako nyingine.

Je, asilimia 25 ni kuzidisha chumvi? Machi 2024, Misri ilipoiachia pauni yake, dola moja ilitoka pauni 31 hivi hadi kufika karibu 50 kwa siku moja. Katika karakana yetu mruko wa asilimia 60 ungegeuza faida ya 12 kuwa hasara ya 13. Upande wa pili nao upo. Shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 160 kwa dola mwishoni mwa Januari 2024, na kufikia mwisho wa Machi ilikuwa imerudi karibu 130. Aliyejaza ghala kwa kiwango cha 160 alijikuta akishindana na mwenzake aliyenunua kwa bei ya chini. Kwa hiyo usiandike kwamba kinga yako ni kulimbikiza dola au mzigo. Huko ni kubashiri tu, tena kwa fedha za mkopo.

Kinga inayofaa biashara ndogo huanzia kwenye makaratasi unayompa mteja. Hatua ya kwanza, kila makadirio ya bei yawe na ukomo wa siku 14 na yataje kiwango cha dola kilichotumika. Hatua ya pili, oda ianze baada ya malipo ya awali ya asilimia 50, na vifaa vya oda hiyo vinunuliwe siku hiyohiyo au kesho yake. Tazama kinachotokea: vifaa ni 42, umepokea 50, kwa hiyo una akiba ya 8 ya kuhimili dola iliyopanda kabla hujanunua. Malipo hayo yanatosha hata dola ikipanda kwa asilimia 19. Ukishanunua, mtikisiko wa oda ile umekwisha. Lakini malipo ya awali yakitumika kulipa pango, kinga yote imevuja, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Weka akaunti yake ya pembeni.

Kwa wateja wa mkataba mrefu, hatua ya tatu ni kifungu cha kurekebisha bei:

```
Bei mpya = bei ya awali × (1 + 0.42 × (kiwango kipya ÷ kiwango cha awali − 1))
```

Kiwango kikitoka 100 hadi 112, mabano ya ndani yanatoa 0.12, ukizidisha kwa 0.42 unapata 0.0504. Kazi ya 1,000 inakuwa 1,050 na kidogo. Weka kizingiti cha asilimia 5 kwenda juu au chini, ili usimsumbue mteja kwa kila chembe ya badiliko. Kifungu kikate pande zote mbili. Mteja akiona bei inaweza pia kushuka, anasaini bila mabishano mengi. Taja pia kiwango kitakachotumika na cha siku gani. Wastani unaotangazwa na benki kuu unaonekana na wote, lakini huenda benki yako isikuuzie dola kwa kiwango hicho. Pengo kati ya viwango hivyo viwili likiwa kubwa, andika kwamba kipimo ni kiwango cha kuuzia cha benki unayoitumia.

Benki pia huuza mikataba ya kununua dola siku za mbele kwa kiwango kinachofungwa leo. Gharama yake hufuata tofauti ya riba. Riba ya nyumbani ikiwa asilimia 14 kwa mwaka na ya dola 5, kiwango cha siku 90 kitakuwa juu ya cha leo kwa karibu asilimia 2.2, kabla ya faida ya benki. Kwa oda moja kubwa iliyosainiwa hilo ni jambo la maana. Kwa manunuzi madogo ya kila mwezi, masharti ya dhamana na kiasi cha chini huifanya isifae, na hakuna aibu kusema hivyo katika mpango.

Kinachobaki baada ya kinga: zabuni za taasisi ambazo hazikubali kifungu wala malipo ya awali. Hizo ziwekewe kikomo, tuseme zisizidi robo ya mauzo, na bei yake ipigwe hesabu kwa dola iliyopanda asilimia 10 tangu mwanzo. Na kama kuna wazo la kukopa kwa dola kwa sababu riba yake ni ndogo, liondoe. Mapato ni ya nyumbani. Deni la dola linaongeza mstari mwingine katika ile 42.

Kukatika kwa umeme

Kabla ya kutaja inveta au jenereta, pata daftari. Kwa mwezi mzima mtu mmoja aandike saa umeme ulipokatika, saa uliporudi, kazi iliyokuwa kwenye mashine na karatasi zilizoharibika. Bila kumbukumbu hiyo utanunua kifaa kikubwa mno au kidogo mno, na mara nyingi ni kikubwa mno.

Tuseme karakana inafanya kazi saa 216 kwa mwezi, na daftari linaonyesha katikaji 14 zenye jumla ya saa 26 za kazi. Kati yake 11 zilikuwa chini ya saa 2, jumla saa 12. Tatu zilikuwa ndefu: saa 4, 5 na 5. Umbo hili la orodha ni muhimu kuliko jumla yake, kwa sababu linakuambia kwamba ukihimili saa 2 za kwanza za kila katikaji, unaokoa saa zote 12 za katikaji fupi na saa 6 za zile ndefu. Saa 18 kati ya 26 zimepatikana. Zimebaki 8.

Hasara yenyewe iko ya aina tatu na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni muda uliosimama. Ya pili ni kazi iliyokatwa katikati: karatasi zimekwama ndani ya mashine, na unga wa wino ambao haujayeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi unachafua mikanda na roli. Ya tatu ni umeme unaporudi kwa kishindo, ukiwa juu au ukipandapanda kwa sekunde kadhaa, na kuunguza bodi ya mashine. Hii ya tatu ndiyo ghali kuliko zote, na kinga yake ni rahisi kuliko zote: kifaa cha kulinda dhidi ya volti, chenye kuchelewesha umeme kwa dakika chache mpaka utulie. Kinunuliwe kwanza, hata kama hakuna fedha za kitu kingine.

Kwa muda uliosimama, pima mzigo unaostahili kuendelea. Mashine ya kuchapa inakula wastani wa kW 2.0 ikiwa kazini, kompyuta mbili kW 0.3, taa na mtandao kW 0.2. Jumla kW 2.5. Kiyoyozi na mashine ya kubandika plastiki kwa joto vibaki nje. Vitu vinavyozalisha joto au baridi humaliza betri kabla hujageuka. Kwa saa 2 unahitaji kWh 5. Inveta hupoteza kiasi, hivyo gawanya kwa 0.9. Betri ya lithiamu isishushwe mpaka mwisho, hivyo gawanya tena kwa 0.8. Jibu ni kWh 6.9. Betri moja ya V 51.2 na Ah 100 inahifadhi kWh 5.1, kwa hiyo zinahitajika mbili, na ziada inayobaki itafidia uchakavu wa miaka inayokuja.

Muuzaji atakushawishi uchukue betri za risasi kwa kuwa kila moja ni nafuu. Fanya hesabu kabla ya kukubali. Hizo zisishushwe chini ya nusu kama unataka zidumu, kwa hiyo 5 gawanya kwa 0.9 kisha kwa 0.5 ni kWh 11.1. Betri ya V 12 na Ah 200 inabeba kWh 2.4, na mfumo wa V 48 unazipanga nne kwa nne. Nne zinakupa saa 1 na dakika 40 hivi zikiwa mpya. Ili ufike saa 2 itabidi ziwe nane. Unafuu unakuwa umekwisha.

Ukubwa wa inveta hauamuliwi na wastani. Mashine za wino wa unga zina roli la kuyeyushia wino ambalo huvuta umeme mwingi kwa vipindi vifupi, na hapo mifumo mingi hufeli: betri imejaa, taa zinawaka, lakini kila mashine inapopasha roli inveta inajizima. Soma kibandiko cha nyuma ya mashine, chukua kiwango cha juu kabisa, si cha wastani. Kwa mfano huu inveta ya kW 5 inatosha. Kwa sababu hiyohiyo usiiunganishe mashine ya aina hii kwenye kile kibetri kidogo cha kulindia kompyuta.

Kosa linalofuata ni kusahau muda wa kuchaji. Baada ya saa 2 za kazi betri imetoa karibu kWh 5.6. Chaja ya kW 2 itairudisha kwa takriban saa 3. Umeme ukirudi saa moja tu kisha ukakatika tena, unaanza na betri ya theluthi mbili isiyofikisha saa 2, na mchana huo mfumo utaonekana mbovu ilhali ni mzima. Angalia katika daftari kama katikaji zako huja mbili kwa siku. Ikiwa ndivyo, ongeza nguvu ya chaja kabla ya kuongeza betri. Kumbuka pia kwamba wakati wa kuchaji, nyaya za jengo zinabeba mzigo wa karakana na wa chaja kwa pamoja, zaidi ya kW 4.5. Fundi umeme athibitishe kwamba breka na nyaya zinahimili.

Na zile saa 8 zilizobaki? Wengi hapo huandika jenereta. Kwa saa 8 za mwezi, jenereta itakaa bila kazi, mafuta yatazeeka kwenye tangi, na siku ya kuhitajika haitawaka. Nafuu ni kupanga zamu ya jioni na kuwa na makubaliano na karakana nyingine, ambayo tutayaona mbele kidogo. Daftari likionyesha saa 40 za katikaji ndefu kwa mwezi, hapo jenereta ina hoja. Ikija, ikae nje ya jengo kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, iunganishwe kwa swichi ya kubadilishia ili umeme wake usirudi kwenye nguzo na kumuua fundi wa shirika, na isiendeshwe muda mrefu chini ya theluthi ya uwezo wake. Injini ya dizeli iliyo na mzigo mdogo haipati joto la kutosha kuchoma mafuta yote. Masizi hujaa kwenye bomba la moshi na nguvu hupungua.

Dalili ya kuamsha hatua iandikwe kwa namba: saa za katikaji ndefu zikizidi 20 kwa miezi 2 mfululizo, meneja anarudi kwenye hesabu ya jenereta. Na jaribio liwe la kila mwezi: zima swichi kuu kazi ikiwa inaendelea, acha dakika 20, andika asilimia ya betri mwanzo na mwisho. Kwa mzigo wetu kWh 0.9 hivi inapaswa kutoka, karibu asilimia 9 ya betri zote mbili. Ikitoka 15, kuna betri inayokufa au mtu amechomeka birika.

Msambazaji anaposhindwa

Msambazaji hashindwi kwa kufilisika tu. Mara nyingi zaidi anachelewa, anakosa aina unayoitaka, analeta ubora mwingine, au anabadili masharti na kudai fedha taslimu kabla ya mzigo. Orodhesha vitu vyote unavyonunua, kisha weka alama kwenye vile ambavyo kikikosekana kimoja, kazi inasimama. Kwa karakana yetu vinabaki viwili: wino wa unga na karatasi.

Wino unatoka kwa wakala mmoja kwa sababu mashine inakubali kopo la aina yake tu. Karatasi ina wauzaji wawili, na mpango wa haraka ungesema hapo tuko salama. Waulize wanaagiza kwa nani. Kama wote wawili wanachota kwa mwagizaji mmoja, una msambazaji mmoja mwenye milango miwili. Lebo ya kiwanda kwenye boksi na namba ya shehena vitakuonyesha hata kama hawataki kusema.

Kwa wino, kinga ni akiba iliyopimwa. Matumizi ya kawaida ni makopo 6 kwa mwezi wa siku 24 za kazi, na msimu wa kazi nyingi hufika 9, yaani 0.375 kwa siku. Mzigo huchukua siku 10 za kazi, ila ukipitia ankara za mwaka mzima unakuta mara moja ulichukua 24. Zidisha matumizi ya msimu kwa ucheleweshaji mbaya uliowahi kutokea: 0.375 mara 24 ni makopo 9. Hicho ndicho kiwango cha kuagizia. Yakibaki 9 kwenye rafu, oda inatoka siku hiyo, bila kusubiri mwisho wa mwezi. Ukitumia wastani wa 0.25 na siku 10 ungeagiza yakibaki 3, na karakana ingesimama mara ya kwanza meli inapochelewa msimu wa kazi.

Akiba nayo ina ukomo. Wino una tarehe ya mwisho na huganda ukiwekwa penye joto. Karatasi hunyonya unyevu. Ream zilizofunguliwa na kuachwa sakafuni hujikunja na kukwama ndani ya mashine, na fundi atalaumu mashine bure. Zikae ndani ya karatasi yake ya kiwandani, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa hiyo ongeza mzigo kwa mpangilio wa kuingia kwanza kutoka kwanza, na usivuke matumizi ya miezi 3.

Kwa karatasi, kinga ni msambazaji wa pili aliye hai. Jina na namba ya simu katika mpango si msambazaji. Mpe asilimia 20 hadi 25 ya manunuzi kila mwezi, hata kama bei yake iko juu kidogo. Ziada hiyo ihesabiwe kama ada ya kinga. Akipanda bei kwa asilimia 4 kuliko wa kwanza na unampa robo ya manunuzi, inakugharimu asilimia 1 ya gharama ya karatasi, yaani 0.28 katika kila 100 za mauzo. Kwa bei hiyo unapata mtu anayekujua, ambaye karatasi yake imeshapita kwenye mashine yako, na ambaye hatakuweka mwisho wa foleni siku bidhaa zinapoadimika.

Malipo ya awali unayompa msambazaji yana hatari yake. Lipa asilimia 30 wakati wa kuagiza na 70 baada ya kuona hati za usafirishaji. Kwa oda kubwa ya nje, tumia barua ya dhamana ya malipo ya benki. Na ikija barua pepe kutoka kwa msambazaji ikisema akaunti ya benki imebadilika, usilipe kabla ya kupiga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo ndani ya barua hiyo. Wizi wa aina hii mara nyingi hupita kwenye sanduku la barua la msambazaji halisi lililodukuliwa, kwa hiyo anwani inaweza kuonekana sahihi kabisa.

Kinga ya mwisho ni makubaliano ya kusaidiana na karakana nyingine yenye mashine ya aina tofauti: yenu ikisimama wanawachapia, yao ikisimama mnawachapia. Ukurasa mmoja unatosha, ukitaja bei kwa kila ukurasa, muda wa kupokea kazi, aina ya faili na ahadi ya kutomfuata mteja wa mwenzako. Hili linaziba ile mianya ya wino, saa 8 za umeme, na hata mashine kuharibika. Jaribuni kwa kazi ndogo halisi kila robo mwaka, maana rangi za mashine mbili hazifanani na mteja wa nembo ataona.

Jinsi ya kuiandika yenyewe

Katika mpango, kila kihatarishi kichukue aya moja fupi. Hivi ndivyo cha sarafu kingesomeka:

«Asilimia 42 ya mauzo hulipia vifaa vinavyofuata bei ya dola. Dola ikipanda kwa asilimia 10 bila sisi kubadili bei, faida inashuka kutoka 12 hadi 7.8 kwa kila 100 za mauzo. Inaisha dola ikipanda kwa asilimia 29. Makadirio yetu ya bei hudumu siku 14, oda huanza kwa malipo ya awali ya asilimia 50 yanayonunua vifaa ndani ya siku 2, na mikataba mirefu ina kifungu cha kurekebisha bei kila kiwango kikisogea zaidi ya asilimia 5. Mhasibu hukagua kiwango kila Jumatatu. Zabuni zisizokubali masharti haya hazitazidi asilimia 25 ya mauzo.»

Ukimaliza zote tatu, fanya jaribio moja la pamoja, kwa sababu haziji kila moja kwa siku yake. Sarafu ikiporomoka, waagizaji huficha mzigo wakisubiri bei mpya, wakala hudai fedha taslimu, na mafuta ya jenereta hupanda. Weka dola juu kwa asilimia 25, wino ukachelewa siku 40 badala ya 24, na mauzo ya mwezi mmoja yakakosekana. Katika karakana yetu mishahara, pango na mkopo ni 34 katika kila 100 za mauzo, na hizo hulipwa mashine ikiimba au ikinyamaza. Akiba ya fedha taslimu isiwe chini ya hapo, theluthi moja ya mauzo ya mwezi, kwenye akaunti isiyo ya matumizi ya kila siku.

Kisha linganisha ukurasa huu na jedwali la mtaji. Kifaa cha kulinda volti, inveta, betri mbili, makopo 9 ya akiba, ada ya msambazaji wa pili na akiba ya fedha, vyote vionekane huko kwa bei zake. Hapo ndipo mipango mingi hunaswa: ukurasa wa vihatarishi unaahidi betri ambazo hakuna mahali zilipotengewa hata senti.